Tangi Likijaa Juu ya Slabu: Majibu kwa Madai Yanayosikika Msamvu

Pale Msamvu, inapokutana barabara ya Dar es Salaam na zile za Dodoma na Iringa, fremu za maduka hujengwa kwa mtindo mmoja. Chini ni duka, juu ni slabu ya zege, na nondo za nguzo zimeachwa zikitokeza kusubiri ghorofa ambayo mwenye nyumba ataijenga fedha zikipatikana. Wakati ghorofa inasubiriwa, slabu hupewa kazi nyingine. Maji ya Bwawa la Mindu na ya vijito vya Uluguru hayafiki kila mtaa kwa saa zote, kwa hiyo mwenye nyumba ananunua simtanki la lita 5,000, vijana wanalipandisha kwa kamba, fundi bomba anaunga mipira, na kabla ya jua kuzama koki imefunguliwa.

Katika shughuli hiyo yote ni nadra kumsikia mtu akiuliza kama slabu ilijengwa kubeba mzigo wa namna hiyo. Na anayeuliza hujibiwa haraka, kwa madai yanayofanana kila mahali. Nayachukua hapa moja baada ya jingine, kwa sababu chini ya slabu hizo kuna watu wanauza nguo, wananyoa, wanakula chipsi.

"Tangi lenyewe ni jepesi, vijana wawili wanalibeba."

Ni kweli kwamba ni jepesi. Simtanki la lita 5,000 likiwa tupu lina uzito wa kama kilo 100, kidogo juu au chini kutegemea kiwanda na unene wa plastiki. Kinachopotosha ni kulipima tangi kwa siku linapopandishwa, wakati slabu italibeba kwa miaka likiwa na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo lita 5,000 ni tani 5. Jumlisha plastiki unapata tani 5.1. Plastiki ni kama asilimia 2 tu ya mzigo wote, na ndiyo pekee iliyopita mikononi mwa wabebaji.

Uzito wa tangi lenyewe hauwezi kupuuzwa namna hiyo kwa kila aina ya tangi. Tangi la chuma la mraba lenye ujazo huohuo, lililoungwa kwa bati nene la milimita 3, ni kilo 400 na ushee likiwa tupu. Na wapo wanaoamua kujenga tangi la zege juu ya slabu ili "lidumu". Chukua la ndani mita 1.7 kila upande, kuta na kitako vikiwa na unene wa sentimita 15. Kuta na kitako hicho ni karibu mita 2.5 za ujazo za zege, na mita moja ya ujazo ya zege ni kilo 2,400. Tangi tupu, bila tone la maji, linafika tani 6. Likijaa ni tani 11. Hapo chombo kimekuwa kizito kuliko maji yaliyomo, na aliyehesabu lita peke yake amekosa zaidi ya nusu ya mzigo.

"Tani tano zinasambaa kwenye slabu nzima. Na hii ilijengwa kwa ajili ya ghorofa."

Hili ndilo dai lenye nguvu kuliko yote, na linastahili hesabu kamili. Tuchukue fremu ya kawaida: upana mita 3.6 kutoka ukuta hadi ukuta, kina mita 8, haina ukuta wa kati. Slabu ina unene wa sentimita 15 na imekaa juu ya zile kuta mbili ndefu. Nondo za chini ni za milimita 10, zimepangwa kila baada ya sentimita 20.

Kwanza tuangalie ghorofa inayosubiriwa. Wahandisi wetu wengi wamefundishwa kwa viwango vya Uingereza vya BS 8110 na BS 6399, na huko sakafu ya nyumba ya kuishi hupewa mzigo wa matumizi wa karibu kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Hapo ndani kuna watu, vitanda, makabati na meza. Slabu yetu ina mita za mraba 28.8. Zidisha kwa 150, unapata kilo 4,320 kwa slabu nzima, kona hadi kona. Tangi letu lina kilo 5,100. Maana yake hata kama maji yangemwagwa yakasambaa sawasawa juu ya fremu yote, tayari yangezidi mzigo ambao ghorofa ilikadiriwa kuwa nao.

Lakini hayasambai hivyo. Simtanki la lita 5,000 lina kipenyo cha kama mita 1.8, na kitako chake hakifiki mita za mraba 2.6. Kilo 5,100 zikikaa hapo, kila mita ya mraba chini ya tangi inabeba karibu tani 2. Ni sawa na abiria wa basi zima, mizigo yao ikiwa bado kwenye buti, wabanane wote ndani ya duara la mita 1.8. Ukitaka kukisia haraka ukiwa dukani, tazama urefu wa maji: kila mita moja ya kimo cha maji ni tani moja kwa mita ya mraba. Tangi refu na jembamba linabana slabu kuliko fupi na pana la lita zilezile.

Sasa tukadirie nguvu inayoipinda slabu. Tunakata kwa mawazo ukanda wenye upana wa mita moja, unaotoka ukuta mmoja hadi wa pili, tunaangalia katikati yake. Kizio ni kilonyutoni-mita, nami nitataja namba tu.

Slabu inajibeba yenyewe kwanza. Zege, sakafu ya juu na ripu ya chini ni karibu kilo 500 kwa mita ya mraba, na uzito huo unapinda ukanda wetu kwa 8.1. Mzigo wa matumizi wa ghorofa, zile kilo 150, unaongeza 2.4. Jumla ni 10.5. Nondo za milimita 10 tulizozitaja, zikikaa mahali pake, zinaanza kunyooka bila kurudi penye 21 na nusu hivi. Kwa hiyo slabu ina nguvu kama mara mbili ya inachodaiwa. Hiyo akiba ya mara mbili imewekwa makusudi, na nitaeleza imewekewa nini.

Weka tangi katikati. Ule ukanda hauubebi mzigo peke yake, maana kanda za jirani zinausaidia. Kanuni ya BS 8110 inaruhusu kuhesabu kwamba tangi la kipenyo cha mita 1.8, likiwa katikati ya upana huu, linabebwa na slabu yenye upana wa karibu mita 4. Huko ndiko "kusambaa" kunakokubalika, nako kuna mpaka. Hata baada ya msaada huo, tangi linapinda kila ukanda kwa 8.5. Linganisha na 2.4 ya ghorofa: ni zaidi ya mara tatu. Jumla na uzito wa slabu yenyewe sasa ni 16.6, dhidi ya 21 na nusu. Akiba iliyokuwa mara mbili imebaki mara 1.3.

Badilisha kitu kimoja tu. Mahali pa nondo za milimita 10 weka za milimita 12, nafasi ileile. Nguvu ya ukanda inapanda hadi 30 na kitu, na slabu inalibeba tangi kwa akiba inayokubalika kwenye kanuni, ingawa suala la kulegea kwa muda mrefu bado litahitaji kuangaliwa. Kwa macho slabu hizi mbili zinafanana kabisa. Mtu aliyesimama juu yake akaikanyaga kwa kisigino na kusema "hii ni ngumu" hajajua lolote. Anayejua ni aliye na mchoro wa nondo, au aliyepima kwa kifaa cha kutafuta nondo, au aliyechonga kipande kidogo cha ripu chini akaziona.

Na lile neno "ilijengwa kwa ajili ya ghorofa" mara nyingi huhusu nguzo na msingi. Nguzo zinaweza kuwa na uwezo wa kubeba ghorofa mbili zaidi, na katikati ya slabu pakabaki pa kubebea kitanda na kabati. Ni sehemu mbili tofauti za jengo, na kila moja ina hesabu yake.

"Halijai kamwe, maji yenyewe ni ya mgao."

Tangi hununuliwa ili lijae. Mgao unaposhusha maji usiku wakati watu wamelala na hakuna anayechota, ndipo linapojaa hadi floti ifunge. Slabu haipati nafuu kwa sababu Jumanne tangi lilikuwa nusu.

Na floti ikigoma, maji yanamwagika juu ya slabu. Kama pembezoni pamejengwa ukuta mfupi wa sentimita 30 na tundu la kutolea maji limezibwa na majani au mfuko wa plastiki, dimbwi linaweza kufika kimo hicho. Sentimita 30 za maji ni kilo 300 kwa mita ya mraba, mara mbili ya mzigo wa ghorofa, nazo zinajumlishwa na tangi lililojaa. Masika ya Machi hadi Mei yanaweza kufanya hivyo bila floti kuharibika. Tundu hilo lizibuliwe kabla ya mvua, na bomba la kumwagia la tangi lipelekwe nje ya jengo.

"Tutalijengea kitako cha zege kwanza, kisambaze mzigo."

Nia ni nzuri na matokeo ni mabaya. Kitako cha mita 2 kwa mita 2, unene sentimita 15, ni mita 0.6 ya ujazo. Kwa kilo 2,400 hiyo ni tani 1.44. Kutoka tani 5.1 tumefika tani 6.5, na upana wa mguso umeongezeka kwa sentimita 20 tu. Nikirudia hesabu ya ukanda wetu kwa kitako hicho, nguvu ya kupinda ya tangi haipungui. Inapanda kutoka 8.5 hadi 10.

Stendi ya chuma yenye miguu minne ina tatizo la aina nyingine. Kila mguu unapokea kama tani 1.3. Wengi huogopa kwamba mguu utatoboa zege, na kwa slabu nzima ya sentimita 15 yenye kibati kipana chini ya mguu hofu hiyo si kubwa. Kinachoamua ni miguu imesimama wapi. Ikiwa yote minne iko katikati ya fremu, slabu inapindwa vilevile. Ikiwa stendi ni ndefu kiasi kwamba chuma zake zinavuka kutoka ukuta hadi ukuta, na miguu imekaa juu ya kuta zenyewe, hapo mzigo umeondoka kwenye slabu na stendi imefanya kazi yake. Chuma hizo nazo zinahitaji kukokotolewa, si kuokotwa kwenye mabaki ya geti.

Kitu kimoja ambacho kitako kinafanya kweli ni kulipa simtanki sehemu tambarare ya kukalia. Tangi la plastiki linatakiwa liguswe chini kote. Likiwekwa juu ya tofali zilizoachiana nafasi, plastiki inabonyea katikati ya tofali, inachoka na kupasuka. Kwa kazi hiyo safu nyembamba ya sakafu iliyosawazishwa inatosha. Hakuna haja ya tani moja na nusu ya zege.

"Tukiweka dogo, presha itakuwa ndogo."

Presha ya maji bombani inatokana na kimo cha maji juu ya bomba, basi. Tangi la lita 1,000 na la lita 10,000 yakiwa na maji kwa kimo kimoja yanasukuma sawa kabisa. Anayetaka bomba la kuogea litoe vizuri ainue tangi. Kulipanua kunampa akiba ya siku nyingi, na akiba hiyo inaweza kukaa chini ardhini, kwenye jamvi lake, ambako tani 5 ni mzigo mdogo. Pampu ndogo inapandisha maji kwenye tangi dogo la juu. Umeme ukikatika, lita 1,000 zilizo juu zinahudumia nyumba hadi urudi.

Turudi kwenye fremu yetu kuona tofauti. Tangi la lita 1,000, likijaa, pamoja na plastiki yake ni kama kilo 1,020. Likiwekwa katikati ya slabu ileile yenye nondo za milimita 10, linapinda ukanda kwa 2.3. Mzigo wa ghorofa ulikuwa 2.4. Tangi hilo linaingia ndani ya kile ambacho slabu ilijengewa, mradi watu wasirundike pia tofali na mchanga wa ujenzi ujao mahali hapohapo.

"Liweke mbele, juu ya kibaraza, lisisumbue katikati."

Hili ni la hatari kuliko yote na ndilo ningependa liachwe leo. Kibaraza kinachotokeza mbele ya duka kimeshikwa upande mmoja tu. Nondo zinazokishikilia ni za juu, na hizo ndizo zinazokanyagwa siku ya kumwaga zege, vijana wakipita na karai hadi zinazama chini. Kibaraza cha namna hiyo kinaweza kubeba uzito wake na watu wawili kwa miaka, kisha kikakatika ghafla ukutani bila kulegea kwanza. Slabu ya katikati inapozidiwa hutoa dalili. Kibaraza mara nyingi hakitoi. Tangi la ukubwa wowote lisiwekwe hapo bila mhandisi kuwa amelihesabu tangu kwenye ramani.

Pa kuliweka panajulikana: juu ya ukuta unaoshuka hadi kwenye msingi, na pazuri zaidi ni pale kuta mbili zinapokutana, au juu ya nguzo na bimu. Katika safu ya fremu, ukuta unaotenganisha duka na duka unafaa. Tangi letu la lita 5,000 likikaa ukuta huo ukiwa katikati ya kitako chake, nusu kila upande, nguvu ya kupinda kwenye slabu ya kila duka inashuka hadi karibu theluthi moja ya ile ya mwanzo, tena inatokea karibu na ukuta, mbali na katikati ambako slabu tayari inajitaabisha na uzito wake. Ukuta wa tofali za inchi 6 uliojengwa vizuri unaupokea mzigo huo bila shida. Lazima tu uwe ukuta kweli: usiwe umetobolewa mlango pale chini, na usiwe umejengwa baadaye juu ya sakafu bila msingi.

"Jirani yangu analo miaka kumi na halijaanguka."

Huenda analo, na namba zetu zinaeleza kwa nini. Slabu yetu yenye akiba ya mara 1.3 inasimama. Jirani ameangalia, ameona imesimama, akahitimisha kwamba iko salama.

Ile akiba ya mara mbili haikuwekwa kwa ajili ya mzigo wa ziada. Iliwekwa kwa ajili ya mambo yanayokwenda kombo kazini bila mtu kujua. Chukua moja. Nondo za chini zinatakiwa ziinuliwe kutoka kwenye mbao kwa biskuti za zege za sentimita 2 hivi, ili zibaki karibu na chini ambako slabu inavutwa. Fundi akikosa biskuti akatumia vipande vya kokoto kubwa, nondo zinapanda. Zikipanda sentimita 2.5 tu, nguvu ya ukanda wetu inashuka kutoka 21 na nusu hadi 17 hivi. Mzigo pamoja na tangi ni 16.6. Hakuna akiba iliyobaki, na hapo bado hatujagusa zege lililozidishiwa maji wala mirunda iliyotolewa mapema. Kwa nyumba isiyo na tangi, kosa hilohilo lingepita bila mtu kulijua maisha yake yote.

Miaka nayo haithibitishi kitu. Hoteli ya New World huko Singapore, jengo la ghorofa sita lililofunguliwa mwaka 1971, lilisimama miaka 15. Asubuhi ya tarehe 15 Machi 1986 likaporomoka lote na watu 33 wakafa. Uchunguzi ulibaini kwamba aliyekokotoa nguzo zake alisahau kuhesabu uzito wa jengo lenyewe, na baadaye mizigo mingine ikaongezwa, ikiwemo mitambo ya kupoza hewa juu ya paa. Kwa miaka yote hiyo 15 mtu yeyote angeweza kulionyesha kwa kidole na kusema halijaanguka.

Tena mzigo wa tangi haufanani na wa wageni wa harusi wanaokuja na kuondoka. Uko pale usiku na mchana, na zege linalobebeshwa mfululizo linaendelea kulegea polepole kwa miaka. Kubonyea kwa mwisho kunaweza kuwa mara mbili hadi tatu ya kule kwa siku ya kwanza. Nyufa zinafunguka chini, unyevu unaotiririka kutoka kwenye mipira ya tangi unaingia, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na kubandua ripu. Slabu inapoteza chuma huku mzigo ukiwa uleule.

Kwa hiyo badala ya kumuuliza jirani miaka, ingia chini ya slabu yake na utazame juu. Funga uzi ukutani upande mmoja, chini kidogo ya dari, uvute ukaze hadi ukuta wa pili ukiwa umeachana na dari kwa nafasi ileile kwenye ncha zote mbili, kisha pima katikati nafasi hiyo imepungua kiasi gani: hapo ndipo slabu imeshuka. Kwa upana wa mita 3.6, ikizidi sentimita 1.4 imevuka kipimo kinachokubalika. Ripu inaweza kudanganya kidogo, kwa hiyo pima pia tangi likiwa tupu na likiwa limejaa: slabu nzima haitakuonyesha tofauti ya maana kwa jicho. Angalia nyufa zinazokwenda sambamba na kuta ndefu, katikati ya dari, hasa zinazopitisha kadi ya simu. Angalia michirizi ya rangi ya kutu, madoa meupe ya chokaa kwenye nyufa, na ripu inayolia tupu ukiigonga. Angalia pia ukuta ulio chini ya tangi kama una ufa wa mshazari, na mlango ulioanza kubana juu. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Ufa ukipita alama, slabu bado inasogea.

Ukiona hayo, usianze kwa kumwita fundi wa kuziba ufa kwa saruji na kupaka rangi. Fungua koki ya chini, toa maji yote, halafu ndipo utafute mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umpe ramani kama ipo. Ukiwa ndiyo kwanza unataka kununua, mpelekee swali kabla hujalipia tangi: unene wa slabu, nondo za ukubwa gani na kila baada ya sentimita ngapi, upana wa ukuta hadi ukuta, na ukuta wa karibu uko wapi. Kwa fremu niliyoikokotoa hapa jibu langu ni hili: lita 5,000 katikati, hapana, lita 5,000 juu ya ukuta unaotenganisha duka na duka, ndiyo, baada ya ukuta huo kukaguliwa, lita 1,000 juu na nyingine zote chini kwenye jamvi, ndiyo, na ndivyo ningefanya.